Jokofu huharibika stima inaporudi, si inapopotea

STIMA inapokatika usiku, wasiwasi wa kwanza wa mwenye jokofu huwa ni nyama na maziwa yaliyomo ndani. Wasiwasi huo una msingi, ila unaelekezwa mahali pasipo na hatari kubwa. Jokofu lililojaa na ambalo mlango wake haufunguliwi huhifadhi ubaridi kwa saa kadhaa bila shida. Dakika za kuogopwa ni zile chache zinazofuata pale taa zinapowaka tena na watoto wa mtaa kushangilia.

Mnamo Agosti 25, 2023, giza lilipotanda karibu nchi nzima, wengi walilala wakiwa wameacha kila kifaa kimechomekwa. Jambo kama hilo lilikuwa limetokea pia Juni 7, 2016, siku ambayo tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru na kuzima taifa. Katika hali kama hizo umeme haurudi kwa utulivu. Majokofu, pasi, birika na pampu za maji za mtaa mzima huanza kuvuta kwa pamoja, volteji hushuka, laini hukatika tena, hurudi baada ya sekunde kumi, hupanda kupita kiasi, kisha hutulia. Kwa balbu hayo ni kumweka tu. Kwa jokofu ni suala la uhai.

Ili kuelewa sababu, inafaa kutazama kile chungu cheusi cha chuma kilicho nyuma ya jokofu, upande wa chini. Hicho ndicho kompresa. Ndani yake mna mota na pampu, vyote vikiwa vimefungiwa pamoja na mafuta kwa kuchomelewa, kiasi kwamba fundi wa kawaida hawezi kuvifungua na kuvirekebisha. Kazi ya pampu ni kufyonza gesi kutoka upande wa baridi na kuikandamiza upande wa pili, ambako hutoa joto kupitia mabomba ya nyuma. Kutoka huko gesi hupita katika kijibomba chembamba sana na kurejea upande wa baridi.

Kompresa inapozima, gesi iliyokandamizwa huendelea kujipenyeza polepole katika kijibomba hicho hadi shinikizo la pande zote mbili lilingane. Hilo huchukua takriban dakika tatu hadi tano, na wakati mwingine zaidi. Mota za majokofu ya kawaida hazikuundwa kuanza zikisukuma shinikizo. Zimeundwa kuanza pande zikiwa zimelingana. Umeme ukikatika na kurudi baada ya sekunde ishirini, mota hujaribu kuzunguka dhidi ya ukuta wa gesi, hushindwa, na hubaki imekwama huku umeme ukipita ndani yake.

Si hilo pekee. Katika majokofu mengi, kinachoipa mota msukumo wa kuanza ni kidonge kidogo kilicho ndani ya relei ya kuwashia, ambacho hupitisha umeme kikiwa baridi na kuuzuia kikishapata moto. Kidonge hicho nacho huhitaji dakika chache za kupoa. Stima ikirudi upesi, mota hunyimwa msukumo wake wakati ule ule inapouhitaji zaidi.

Mota iliyokwama huvuta umeme mara tano au zaidi ya ule inaouvuta ikizunguka. Joto katika nyaya zake halipandi kwa kiwango hicho, bali kwa kipeo cha pili chake. Mara tano ya mkondo ni mara ishirini na tano ya joto. Nyaya za koili zimepakwa vanishi nyembamba inayozitenganisha, na joto la namna hiyo huila vanishi hiyo kidogo kidogo. Ndiyo maana jokofu halifi siku ya kwanza. Hufa siku ya hamsini, na mwenyewe husema lilikuwa zima jana.

Wengi hujiuliza mbona fyuzi ya plagi haiungui wakati huo wote. Jibu ni kwamba fyuzi haijui lolote kuhusu volteji. Hiyo ya ampia 13 iliyomo ndani ya plagi za Kenya imewekwa kuzuia waya usishike moto. Kompresa ya nyumbani iliyokwama huvuta ampia tano au sita hivi, na fyuzi huutazama mkondo huo bila kutikisika. Kinachoitetea mota ni kikato kidogo kilichobanwa ubavuni mwa kompresa, ambacho mafundi hukiita ovalodi. Kikipata moto hukata umeme kwa mlio wa 'tik', kikipoa huuruhusu tena. Hufanya kazi nzuri, lakini hakikuwekwa ili kifanye kazi hiyo mara mia moja kwa siku.

VOLTEJI DUNI

Hatari ya pili haina kishindo chochote. Ni volteji iliyo chini kwa saa nyingi, na huonekana zaidi mashambani na pembezoni mwa miji, mahali ambapo transfoma moja inahudumia watu wengi na nyaya zimetembea mbali.

Umeme wa nyumbani nchini hutarajiwa kuwa volti 240. Majokofu mengi huandikwa volti 220 hadi 240, na watengenezaji wa kompresa kwa kawaida huonyesha kwamba mota yao huweza kuhimili kutoka volti 187 au 198, kutegemea aina, hadi 254. Chini ya hapo mambo huharibika haraka kuliko mtu anavyodhani, kwa sababu nguvu ya mota ya kuanza kuzunguka hufuata kipeo cha pili cha volteji. Kutoka 240 hadi 170 ni upungufu wa chini ya theluthi moja, lakini nguvu ya kuanza hubaki nusu tu.

Tuchukue mfano wa mwenye kibanda cha maziwa katika soko dogo la kijijini, nyumba ya mwisho kabisa kwenye laini. Transfoma hiyo hiyo inaendesha kinu cha kusaga mahindi. Jokofu lake ni la kawaida, la mlango mmoja. Asubuhi linafanya kazi vyema. Kuanzia saa kumi na mbili jioni linatoa mngurumo mzito wa sekunde kumi hivi, linalia 'tik', linanyamaza, na baada ya dakika chache linarudia. Maziwa ya jioni yanachacha.

Fundi wa kwanza anasema gesi imeisha, anajaza. Jokofu linafanya kazi asubuhi iliyofuata, kama lilivyokuwa likifanya asubuhi zote, na fundi analipwa. Jioni mlio unarudi. Fundi wa pili anabadilisha themostati. Wa tatu anapima nyaya za kompresa na kukuta zimegusana, na hapo kompresa nzima inanunuliwa. Miezi minne baadaye mpya nayo inaanza mngurumo ule ule wa jioni.

Hakuna kati ya hao aliyepima soketi saa moja jioni. Angefanya hivyo kwa mita ya kawaida ya fundi, angekuta volti 228 saa nne asubuhi, volti 172 saa moja jioni, na 158 katika ile nukta kompresa inapojaribu kuwaka. Kwa volti 158, nguvu ya kuanza ni asilimia 43 tu ya ile ya volti 240. Gesi haikuwa na hatia, wala themostati. Mlio wenyewe ulikuwa ushahidi wa kutosha: jokofu linalokwama jioni na kupona asubuhi linalalamikia umeme, ilhali lililopungukiwa gesi huzunguka mchana kutwa bila kugandisha.

Kabla ya mtu huyo kukimbilia duka la vifaa, kuna kipimo kimoja zaidi. Apime volteji ya soketi na ile ya karibu na swichi kuu kwa wakati mmoja, jokofu likiwa linajaribu kuwaka. Hicho cha pili akifanye fundi wa umeme, si mwenye kibanda. Ikiwa kwenye swichi kuu kuna volti 215 na kwenye soketi kuna 190, basi volti 25 zinapotelea ndani ya jengo, katika waya mwembamba, soketi iliyolegea au ekstensheni ya bei rahisi iliyozungushwa mara tatu nyuma ya kabati. Dawa yake ni waya mpya. Hakuna kifaa cha kununua kitakachotibu hilo, na soketi inayopata moto ni hatari kubwa kuliko jokofu bovu.

VOLTEJI ILIYOPANDA

Kinyume chake hutokea mara chache, lakini huua kwa dakika. Chanzo kibaya zaidi ni kukatika au kulegea kwa waya wa nyutro, nguzoni au kwenye kiungo kinachoingia nyumbani.

Umeme wa mtaani husambazwa kwa fezi tatu, na kati ya fezi moja na nyingine mna volti 415. Kila nyumba hupata 240 kwa sababu ya nyutro inayozigawa. Nyutro ikikatika, nyumba mbili zilizo katika fezi tofauti hujikuta zimeungwa kama shanga katika uzi mmoja, zikigawana volti 415 kulingana na kile ambacho kila moja inatumia. Mwenye kutumia kidogo ndiye hupokea nyingi. Tuseme jirani amewasha birika la wati 2,000, na upande wa pili kuna jokofu na balbu chache, jumla wati 200. Ukipiga hesabu, birika hubaki na volti 38 hivi, na jokofu hupokea 377.

Katika volteji hiyo chuma cha ndani ya mota hushindwa kubeba nguvu ya sumaku, mkondo hupaa na nyaya huungua. Katika majokofu ya kisasa yenye bodi ya elektroniki, bodi hutangulia, mara nyingi kwa mlipuko mdogo na harufu ya plastiki. Dalili haifichiki: baadhi ya taa za nyumba au za mtaa huwaka kwa mwangaza mkali usio wa kawaida huku nyingine zikififia. Anayeona hivyo azime swichi kuu papo hapo, ndipo apigie Kenya Power kupitia 97771. Kuanza kuchomoa kifaa kimoja kimoja ni kupoteza wakati, tena kila kinachochomolewa huongeza volteji kwa vilivyobaki.

Kisha kuna mawimbi ya umeme, ambayo ni jambo tofauti kabisa ingawa watu huyachanganya na hayo. Radi ikipiga karibu na laini, volti elfu kadhaa huweza kupita kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Wakazi wa Kisii, Kakamega na maeneo mengine yanayozunguka Ziwa Victoria, ambako ngurumo ni za karibu kila alasiri katika msimu wa mvua, hawahitaji kuelezwa. Mota ya kompresa ni ngumu na huweza kustahimili baadhi ya mapigo hayo. Bodi ya elektroniki haistahimili.

KIFAA KIPI, KWA TATIZO LIPI

Madukani vifaa vitatu huuzwa kwa sifa moja, kwamba 'hulinda friji'. Ukweli ni kwamba kila kimoja hulinda dhidi ya kitu chake, na aliyenunua kisichomfaa hujua hivyo siku jokofu linapoungua kikiwa bado kinawaka taa ya kijani.

Cha kwanza ni kile kisanduku kidogo ambacho wengi hukiita friji gadi. Hakirekebishi volteji hata kidogo. Hukiangalia kinachoingia, na kikishuka au kupanda kupita mipaka, hukata. Umeme ukirejea, husubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu jokofu liwake. Kusubiri huko ndiko kunakostahili pesa, kwa sababu ndiko kunakoipa gesi nafasi ya kulingana. Kwa nyumba nyingi za mijini, ambako volteji huwa sawa siku nyingi na tatizo ni kukatika-katika, hiki kinatosha na ndicho cha bei nafuu kuliko vyote. Mnunuzi akijaribu dukani kwa saa yake ya mkononi: achomeke, achomoe, achomeke tena, ahesabu. Kinachoruhusu umeme baada ya sekunde thelathini si cha jokofu, hata kiwe kimechorwa picha ya jokofu. Dakika tatu au zaidi ndicho kipimo.

Udhaifu wake unaonekana katika kile kibanda cha maziwa. Volteji ikiwa 172 jioni nzima, friji gadi itakata jioni nzima. Kompresa itaokoka na maziwa yatachacha vilevile.

Hapo ndipo stebilaiza inapopata sababu ya kununuliwa. Ndani yake mna transfoma yenye matoleo kadhaa, na relei zinazohama kutoka toleo moja hadi jingine ili kinachotoka kikaribie volti 220 au 230. Mnunuzi asome kiwango cha chini inachoweza kupokea. Iliyoandikwa volti 140 itamfaa mwenye kibanda, ambaye hushuka hadi 158. Iliyoandikwa 180 haitamfaa. Asome pia uwezo wake. Jokofu la wati 150 huonekana kutoshwa na stebilaiza ndogo, lakini nukta ya kuwaka huhitaji mara kadhaa ya hizo, na uwezo wa stebilaiza wenyewe hupungua kadiri volteji inayoingia inavyoshuka. Kwa jokofu la kawaida la nyumbani, VA 1,000 ni mahali pa kuanzia. Kwa kubwa la milango miwili au friza, VA 2,000. Nyingi zina kitufe cha kuchelewesha chenye chaguo la sekunde 6 au sekunde 180. Kwa jokofu ni 180, na inasikitisha ni stebilaiza ngapi zimebonyezwa kwenye 6 kwa sababu mwenyewe hakupenda kusubiri.

Kifaa hiki kina gharama isiyoandikwa kwenye boksi. Transfoma yake hula umeme usiku na mchana, hata jokofu likiwa limetulia. Ikila wati 10 tu, kwa mwaka ni uniti zaidi ya 87, na tukichukulia uniti kuwa Sh25, hizo ni karibu Sh2,200 kila mwaka. Kwa mwenye volteji nzuri ni hasara tupu. Pia haizalishi umeme. Ili kumpa jokofu volti 220 kutoka 172, huvuta mkondo zaidi kutoka laini ile ile iliyochoka, na mtaa mzima ukinunua stebilaiza, volteji ya wote hushuka zaidi. Malalamiko ya pamoja kwa kampuni ya umeme, yakiambatanishwa na vipimo vya saa tofauti vilivyoandikwa, ndiyo njia ya kupata transfoma kubwa zaidi au laini kurekebishwa, ingawa huchukua muda.

Wenye majokofu mapya ya inveta wasome kibandiko kabla ya kununua stebilaiza. Mengi ya hayo hubadilisha umeme ndani yenyewe na huweza kuwaka taratibu katika volteji pana, hivyo mtengenezaji mwenyewe huandika kwamba stebilaiza haihitajiki ndani ya mipaka fulani. Bodi yao, hata hivyo, ni ghali, na kisanduku cha kukata volteji ikipanda hubaki na maana.

Cha tatu ni saji protekta. Kiini chake ni kidonge kinachokaa kimya volteji ikiwa ya kawaida na kufungua njia ya mkato wimbi kubwa linapofika, ili likipite kifaa. Kinafaa dhidi ya radi ya mbali na mawimbi mafupi ya laini. Hakiwezi kuinua volteji iliyoshuka, wala hakicheleweshi chochote. Nyutro ikikatika na volti 377 zikaingia kwa nusu saa, kidonge hicho hupata moto na kuungua, kwa kuwa kiliundwa kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Huchakaa pia kila kinapopokea pigo, ndiyo maana vilivyo bora huwa na taa ya kuonyesha kama kinga bado ipo. Ekstensheni yenye swichi nyekundu inayowaka si saji protekta kwa sababu ya taa hiyo. Na katika nyumba isiyo na waya wa ardhi uliofungwa barabara, zipo nyingi za kupangisha za namna hiyo, sehemu kubwa ya kazi yake haiwezekani.

Radi ikipiga nguzo iliyo mlangoni, hakuna kati ya vitatu hivyo kitakachosaidia. Plagi iliyochomolewa kabla ya mvua kufika ndiyo kinga pekee, nayo ni bure.

Mwenye kibanda, kwa vipimo vyake, anahitaji stebilaiza ya VA 1,000 inayopokea kuanzia volti 140, ikiwa imewekwa kwenye sekunde 180. Mpangaji wa mjini ambaye soketi yake husoma 230 asubuhi na 225 jioni, lakini hukatikiwa mara tatu kwa wiki, anahitaji friji gadi pekee. Asiye na hata hicho bado ana njia: stima ikipotea, achomoe jokofu, awache balbu moja ikiwa imewashwa, na balbu hiyo ikishawaka bila kufifia kwa dakika tano, achomeke tena.